Hesabu ya Kurudi Nyuma: Umri wa Kuolewa Unavyokula Miezi ya Kwanza ya Uchumba

Mtu akikuambia analazimishwa kuoa au kuolewa, mara nyingi hamaanishi kwamba kuna aliyemshika mkono akampeleka kanisani au kwa shehe. Anamaanisha simu za Jumapili jioni. Anamaanisha maswali ya msibani, mjomba anayeuliza "tunakula lini ubwabwa?" mbele ya wageni, na rafiki wa chuo ambaye tangu aolewe hamalizi mazungumzo bila "na wewe sasa, vipi?" Kila neno ni dogo, na wengi wanaoyasema wanayasema kwa mapenzi. Yakishajumlishwa yanafanya kazi moja: yanampa mtu tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ikishamkaa kichwani, inabadilisha namna anavyoiishi miezi mitatu minne ya kwanza ya kufahamiana na mwenzake, zamani kabla hata barua ya posa haijaandikwa. Miezi hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu madhara makubwa hutokea hapo na watu hawayaoni hapo. Wanayaona miaka mitatu baadaye, kwenye baraza la usuluhishi.

Dodoma ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa 2007 kikaleta vijana kutoka kila mkoa. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kuwa serikali inahamia huku, na wizara zikaanza kuja na watumishi wao. Leo ukipita Nkuhungu, Ilazo, Kisasa au Nzuguni, nyumba hadi nyumba utakuta mpangaji wa miaka 28 au 32 ambaye baba yake yuko Songea, dada yake yuko Mwanza, na anayemfahamu vizuri zaidi hapa mjini ni mwenzake wa ofisini Mtumba. Anakutana na mpangaji mwingine wa namna hiyohiyo. Hakuna anayemjua mama wa mwenzake wala shangazi yake, wala mtu aliyesoma naye shule ya msingi.

Hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu huko nyuma umri wa kuolewa haukuja peke yake. Ulikuja pamoja na kazi ya kuchunguza. Kwa Wagogo, kama kwa jamii nyingine nyingi za wafugaji, ng'ombe wa mahari walitoka kwa ndugu wengi na wakagawanywa kwa ndugu wengi, kwa hiyo wengi walikuwa na sababu ya kuuliza kabla hawajatoa au kupokea. Ukoo ule una ugomvi? Kijana analima, au anashinda kilabuni? Mama mkwe ni mtu wa namna gani? Shangazi wa Kibakwe angeleta majibu ndani ya wiki moja, kwa kupita sokoni na msibani tu. Sisemi mfumo ule ulikuwa wa haki. Mara nyingi binti mwenyewe ndiye aliyeulizwa wa mwisho, na wapo ambao hawakuulizwa kabisa. Lakini ndugu waliokuwa wakiharakisha ndio haohao waliokuwa wakipeleleza. Mji huu wa wageni umeibakiza haraka yao na kuuondoa upelelezi wao. Shangazi bado anapiga simu kuuliza lini, ila hana anayemjua Songea.

Umri wenyewe pia una chanzo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa nusu ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 25 hadi 49 walikuwa wameingia kwenye ndoa kufikia miaka 19 hivi, na kwa wanaume ilikuwa karibu 24. Mama wa binti aliyemaliza chuo mara nyingi ni mmoja wa hao. Alipokuwa na miaka 23, umri ambao binti yake anavaa joho, yeye alikuwa na watoto wawili. Kwa macho yake mtoto amechelewa tangu siku ya mahafali. Kuna na suala la michango, ambalo halisemwi sana mbele ya vijana. Mama huyo amechangia harusi na sendi ofu za watoto wa majirani, wa kwaya na wa kikoba kwa miaka mingi, na kila mchango aliutoa akijua siku yake itafika. Kila mwaka binti anapokaa bila kuolewa, baadhi ya wanaotakiwa kumrudishia wanahama, wanastaafu au wanafariki. Kuna pia mdogo mtu anayesubiri, maana nyumba nyingi bado hazipendi mdogo amtangulie mkubwa. Ukiyajua haya unaelewa kwa nini maneno kama "niacheni, muda wangu haujafika" hayatulizi kitu. Mama hakuuliza kuhusu muda wa binti peke yake. Anauliza na wa kwake.

Sasa tuichukue hesabu yenyewe. Mfano huu nimeuunganisha kutokana na mambo ya watu kadhaa ili asitambulike yeyote, lakini hakuna kipande ambacho si cha kawaida hapa mjini. Dada mmoja ni mhasibu, kwao Mpwapwa, amepanga Nkuhungu. Katikati ya Januari anakutana na kaka mmoja, mhandisi, mwenyeji wa Songea, kwenye sherehe ya ofisini. Desemba 20 dada anatimiza miaka 30. Nyumbani kwao 30 imeshasemwa mara nyingi mno, kwa hiyo hata yeye anayedai haimsumbui anajua kuwa angependa ifike akiwa ameolewa. Anajiambia ana miezi kumi na moja. Muda unatosha.

Hana miezi kumi na moja. Harusi ya Desemba ina foleni yake. Ikiwa ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba, sendi ofu ni mwishoni mwa Novemba. Ili kamati ipate muda wa vikao, kadi za ahadi, ukumbi na kufuatilia wanaochelewa kuchanga, inabidi ianze Agosti. Kamati haianzi kabla mahari haijazungumzwa na tarehe haijakubaliwa, kwa hiyo wazee wakutane Julai. Kabla ya hapo kuna barua ya posa, kishika uchumba, majibu, na mshenga kwenda na kurudi, na familia moja iko Songea nyingine Mpwapwa. Barua itoke Mei. Ili itoke Mei, dada lazima awe amemwambia mama yake mwanzoni mwa mwezi huo. Maana yake uamuzi unatakiwa uwe umefanyika mwisho wa Aprili.

Kutoka katikati ya Januari hadi mwisho wa Aprili ni wiki 15. Toa wiki nne za safari za kikazi za kaka. Toa Jumamosi mbili za msiba na ugonjwa Mpwapwa, na nyingine moja ambayo dada alikuwa ofisini akifunga hesabu za robo mwaka. Zinabaki Jumamosi nane, kila moja saa tatu au nne: kuku wa kuchoma, matembezi Nyerere Square, siku moja wametoka hadi kwenye mashamba ya zabibu. Jumla ni saa 30 hivi, na karibu zote ni za mchana, wote wawili wameoga na kuvaa vizuri. Simu na meseji zilikuwa nyingi, lakini kwenye simu mtu huchagua cha kuonyesha. Uamuzi wa maisha mazima umepewa saa 30, na hakuna aliyekaa chini akaamua iwe hivyo. Umetokana na kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ambayo wengine waliiweka.

Angalia ni mambo gani hayakuingia ndani ya saa hizo. Hajamwona kaka tarehe 20 ya mwezi, mshahara umekwisha na mdogo wake anaomba nauli. Hajamwona akiwa na homa wala akikosewa na fundi. Hajamsikia akiongea na mama yake juu ya jambo wasilokubaliana. Mambo haya hujionyesha yenyewe, lakini yana ratiba yao na huwezi kuyaharakisha kwa kuuliza maswali mazuri. Ukimuuliza mtu kama ana hasira, atakuambia hana, na huenda anaamini hivyo.

Muda ukiwa mfupi, swali linalobaki ni lile linaloweza kujibiwa haraka: yuko siriasi? Hili ndilo badiliko ninaloliona la hatari kuliko yote. Rafiki wa dada akimuuliza habari za kaka, haulizi ni mtu wa namna gani. Anauliza, "amesema nini kuhusu ndoa?" Dada mwenyewe anaanza kupima kila kitu kwa kipimo hicho. Kaka akitaja watoto, ni dalili nzuri. Akisema "nyumba yetu," bora zaidi. Kuzungumzia ndoa mapema kunageuka kuwa sifa, wakati ndiyo sifa rahisi kuliko zote kuigiza, kwa sababu haigharimu chochote. Anayetaka kumfahamu mwenzake kwanza, na kwa hiyo hatamki ndoa hadi mwezi wa nane, anaonekana mpotezaji wa muda na anaachwa. Anayeitamka wiki ya pili anapita. Matapeli wa mapenzi wanalijua hili vizuri. Njia yao hapa mjini haibadiliki sana: ahadi ya ndoa inakuja mapema, kisha kiwanja "chetu" huko Iyumbu au Ihumwa, kisha ombi la mkopo mdogo wa kumalizia kupaua. Anayewahi kugundua ni yule anayetaka kukiona kiwanja na karatasi zake kabla ya kutoa hela. Anayechelewa ni yule aliyeogopa kuuliza asije akaonekana hamwamini mchumba.

Hofu hiyo ya kuuliza ina mantiki yake. Mtu wa miaka 24 akiuliza swali gumu na mwenzake akakasirika na kuondoka, amepoteza mwenzi mmoja. Wa miaka 29 mwenye tarehe ya Desemba amepoteza mwenzi pamoja na mwaka mzima, maana hesabu ile yote inaanza upya. Gharama ya kusikia jibu baya imepanda, basi anaacha kuuliza. Watu wa nje husema ameshusha viwango. Mimi naona viwango anavyo bado. Alichopoteza ni uwezo wa kumudu kuvitumia.

Tarehe hiyohiyo hukata na upande wa pili, na hili watu hulisahau. Dada huyu alipokuwa na miaka 24, chuoni, alikuwa na mwenzake aliyemfahamu miaka miwili: alishamwona akifeli, akiumwa, akiwa hana hata hela ya chapati. Alimwacha. Shangazi alisema kijana hajajipanga, na kwa hesabu ya wakati ule ilikuwa kweli, maana ajira ingechukua miaka mitatu minne na mahari mingine miwili, asingewahi tarehe. Kwa hiyo tarehe ya mwisho kwanza ilimwondolea mtu aliyemjua sana ila hayuko tayari, kisha ikamletea mtu aliye tayari ila hamjui. Kila uamuzi ukiutazama peke yake unaonekana wa busara.

Kwa wanaume umri hutajwa kwa sauti ya chini na huanza baadaye, karibu 30 hadi 35, lakini upo. Kwanza anaambiwa ajenge. Akishamwaga msingi anaambiwa nyumba haikai bila mama. Ofisini cheo kikipanda utani wa ubachela unageuka kuwa mashaka. Anayechoka huchukua moja ya njia mbili. Ama anamwachia mama amtafutie mtu kijijini, wakutane wakati wa likizo ya siku kumi, au mwenzake anapata mimba na mimba inafanya uamuzi ambao wao wenyewe walikuwa hawajaufanya. Katika njia zote mbili swali la kufahamiana halikujibiwa. Limerukwa tu.

Turudi kwa dada wa Nkuhungu, maana kuna kitu kingine alichokifanya Januari hadi Aprili: alificha. Kwetu kumpeleka mtu nyumbani si jambo la kusalimia na kuondoka. Ukimpeleka, umemtambulisha, na ukimtambulisha kila simu itaanza na jina lake. Basi mtu mwenye ndugu wa haraka hujifunza kutowaambia kitu hadi awe na uhakika. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Shinikizo linalotaka ndoa ije haraka ndilo linalowaondoa ndugu kwenye kipindi ambacho macho yao yangefaa. Miezi mitatu yote, hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekaa na kaka mezani akamtazama. Mwezi wa tano wanaambiwa ghafla, wote wanafurahi, na hakuna anayethubutu kuharibu furaha kwa maswali.

Barua ilikwenda Mei kama ilivyopangwa. Kishika uchumba kilikuwa shilingi 200,000. Mahari ilikubaliwa milioni 3, nusu ikatolewa Julai. Agosti kundi la wasapu la kamati likafunguliwa, kukawa na mwenyekiti, mhazini na orodha ya ahadi. Septemba, kwenye utambulisho Songea, wifi mtarajiwa aliongea kwa nia njema kabisa: alimshukuru dada kwa kukubali kumlea mtoto wa kaka, ambaye ana miaka sita na anasoma darasa la kwanza. Dada hakuwa amewahi kumsikia mtoto huyo. Njiani kurudi alimuuliza kaka, na mazungumzo yakafungua na jambo la pili, mkopo wa kausha damu uliokuwa ukimkata kila wiki tangu mwaka uliopita.

Mtoto si kosa. Hata deni lingeweza kuwa na sababu ya heshima. Lakini anayesikia mambo haya Februari anaweza kukaa nayo miezi miwili, akaona mtoto anatunzwa vipi na deni linapungua au linaongezeka. Anayeyasikia Septemba ana wiki kadhaa, na watu 60 wameshachanga. Dada aliomba harusi isogezwe hadi baada ya Pasaka. Mama yake alipinga kwanza, halafu akanyamaza. Kaka alikubali mbele ya wazee. Usiku kwenye simu alisema maneno mengine: "Wewe na miaka yako hiyo, unamsubiri nani? Nikiondoka mimi nani atakuja?"

Hapo ndipo unapoona shinikizo la ndugu linakoishia. Haliishii kwa ndugu. Mwenzi naye anaijua tarehe, na asipokuwa mtu mwema anaitumia. Anayejua kwamba mwenzake hawezi kuondoka hana sababu ya kujirekebisha. Huwa nawaambia wanaoniuliza wasikilize neno hili kuliko karibu neno jingine lolote: siku mnapogombana, je, anautaja umri wako? Anayeutaja amekwisha kupima nguvu na ameona ziko upande wake. Kwa dada huyu, miezi ya kusogeza ilimfundisha zaidi ya Jumamosi zote zile, kwa sababu kwa mara ya kwanza kaka alikuwa ameambiwa subiri. Novemba alivunja uchumba.

Wengi hufika hapo wakashindwa kuvunja kwa sababu wanaamini barua, kishika uchumba na mahari vimeshawafunga. Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi hivyo. Kifungu cha 16 kinataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, na mahari iliyolipwa si ridhaa. Hakuna mahakama itakayokuamuru uolewe. Kifungu cha 69 kinamruhusu aliyeachwa kudai fidia kwa kuvunjiwa ahadi ya ndoa, lakini fidia hiyo haiwezi kuzidi hasara halisi ya gharama alizotumia kwa maandalizi. Hakuna fidia ya aibu wala ya miaka iliyopotea. Kifungu cha 71 kinahusu zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa kufungwa: zinaweza kudaiwa zirudi. Kwa kaka na dada wetu haikufika mahakamani, kama ambavyo mengi hayafiki. Mshenga alikaa na wazee siku moja. Milioni moja na nusu ya mahari ilirudi. Kishika uchumba upande wa kaka wakakiacha. Gharama za chakula cha siku ya barua kila upande ukabeba zake, na mhazini wa kamati akawarudishia watu michango ukitoa malipo ya awali ya ukumbi, ambayo mwenye ukumbi alikataa kuyarudisha. Ilikuwa aibu, kulikuwa na maneno, na mama alikaa wiki kadhaa bila kwenda kwaya.

Linganisha na mlango wa upande wa pili. Baada ya ndoa, kifungu cha 100 kinazuia kuomba talaka kabla ya miaka miwili, isipokuwa mahakama itoe kibali kwa sababu ya mateso yasiyo ya kawaida. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria. Halafu kuna mali ya kugawana na watoto wa kulea. Kuvunja uchumba mwezi wa kumi na moja ni ghali, ila ni sehemu ndogo ya gharama hiyo. Mtu aliyebanwa na tarehe huona kinyume, kwa sababu aibu ya ukumbi iko wiki ijayo na baraza liko mbali asikoliona.

Kuna vipimo vingine vilivyowekwa rasmi ili kumlinda mtu, ila katika ratiba ya haraka vyote vinaangukia mwisho. Sheria inataka taarifa ya nia ya kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi aseme, na kanisani mnatangazwa Jumapili tatu. Ni jambo zuri, lakini siku 21 kabla ya harusi kadi zimeshagawiwa. Mwenye pingamizi, hata awe mke halali aliyetelekezwa mkoa mwingine, anakuja mbele ya watu wenye hasira ya michango. Vipimo vya afya navyo hivyohivyo. Watu hukumbuka VVU kwa sababu makanisa mengi huuliza. Seli mundu hawaikumbuki, ingawa Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo. Ikiwa wote wawili wamebeba kinasaba chake bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa mtoto mwenye ugonjwa. Jibu hilo mwezi wa pili ni jambo la kukaa na kulijadili kwa utulivu. Wiki mbili kabla ya harusi linageuka kuwa siri.

Huwa naulizwa kuhusu uzazi, maana ndiyo hoja nzito ya akina mama na si ya kudharau. Uwezo wa mwanamke kushika mimba hupungua polepole, na kupungua huko huongezeka kasi baada ya miaka 35 hivi. Kwa anayetaka watoto wanne, hesabu hiyo ina maana na ni vizuri aijue. Lakini 30 si ukuta. Kati ya Desemba 20 na Pasaka inayofuata mwili wa dada yule haukubadilika kwa kiasi cha kuhalalisha harusi ambayo alikuwa na mashaka nayo.

Kilichonishangaza katika habari hizi ni jinsi ndugu walewale wanavyobadilika wakipewa kazi. Mwaka uliofuata dada alianza kufahamiana na mtu mwingine, mwenyeji wa Kongwa, na safari hii alimpigia shangazi yake mwezi wa pili tu. Nayaandika mazungumzo yao kama alivyonisimulia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Haya, lini tunakuja kula ubwabwa?"

"Shangazi, kuna mtu. Sijamtambulisha na sitamtambulisha bado, mama asijue. Ila kwao ni Kongwa, na wewe Kongwa unawajua watu. Nataka unisaidie kuuliza. Usiseme ni mimi."

Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuuliza yeye. Kijiji gani? Baba yake anaitwa nani? Wanafuga au wana duka? Kaka zake wameoa, na wake zao bado wapo? Swali la lini hakulirudia. Siku tano baadaye alipiga akiwa na habari za kutosha: baba mkali lakini mkweli, mama mgonjwa wa kisukari anayetunzwa na huyo kijana, kaka mkubwa mlevi anayeomba hela kila msimu wa kilimo. Dada alichukua hilo la mwisho akaenda kumuuliza mhusika moja kwa moja, anampa kiasi gani na atampa hadi lini. Alijibiwa kwa kiasi cha shilingi. Bado wanafahamiana. Mama anajua sasa, na barua haijaandikwa.